Kariakoo Kabla ya 1916

Ipo filamu fupi ya masimulizi inayozunguka siku hizi katika mikutano ya wapenda historia jijini Dar es Salaam. Ndani yake bibi mmoja, mzaliwa wa Kariakoo, anaeleza mtaa wao ulivyoanza. Anapotaja kibanda cha bibi yake mzaa mama, chini ya kioo hujitokeza maandishi: "1916: Kariakoo yaanza". Watazamaji huondoka na mwaka huo kichwani, na nimekwisha kuuona ukinukuliwa kana kwamba ni kauli ya bibi mwenyewe. Kumbe sivyo. Nilipopewa nafasi ya kusikiliza rekodi yote kabla haijakatwa, nilimsikia akisema jambo jingine kabisa: wapagazi wa Mwingereza walipofika, bibi yake alikuwapo. Walimkuta.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Anayesema mtaa ulianza 1916 anasema ulianzishwa na jeshi. Anayesema wapagazi waliwakuta watu anasema mtaa ulianzishwa na waliojenga na kuishi hapo, na jeshi likaupa jina.

Habari za Sultani Majid na mji alioanza kuujenga miaka ya 1860, na za Wajerumani kuufanya makao makuu mwaka 1891, zinajulikana. Tuingie moja kwa moja penye ubishi. Magharibi ya mji wa Wajerumani, ng'ambo ya eneo ambalo leo ni Mnazi Mmoja, palikuwa na shamba kubwa lililomilikiwa na Mjerumani aitwaye Schoeller. Shamba kwa maana ya hati. Juu ya ardhi yenyewe walikaa Waafrika waliojenga vibanda na kulipa kodi ya kukaa. Miaka ya mwisho kabla ya vita, serikali ya Kijerumani ililinunua shamba hilo ili papangwe makazi ya Waafrika. Nia ilikuwa kuwaondoa katikati ya mji na kutenga watu wa kila rangi na upande wao. Mitaa iliyonyooka na kukatana kama ubao wa bao ilianza kuchorwa wakati huo. Kisha vita vikaja, mwaka 1914, na kazi ikakatika.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam. Nyuma ya askari wao walikuja wapagazi, maana katika nchi yenye mbung'o wanyama wa mizigo walikufa upesi, na vyakula na risasi vilisafiri kwa vichwa vya watu. Kikosi cha Wapagazi kiliweka kambi pale kwenye viwanja vipya na jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wameliacha. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, lilipopita katika vinywa vya wenyeji, ndilo likawa Kariakoo. Nairobi nako kipo kitongoji kilichopata jina kwa njia hiyo hiyo. Kwa hesabu rasmi peke yake, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mtu asidhani basi kwamba napunguza heshima yao. Wanastahili jina la mtaa na zaidi ya hapo. Lakini jina si asili. Kambi ilikuwa ya watu wa kupita, na vita vilipokwisha wengi walirudi kwao au hawakurudi popote.

Wako pia wanaosema Kariakoo ni kazi ya wapimaji wa Kijerumani, kwa sababu ramani ni yao. Hoja hii sina muda nayo. Ramani ilipochorwa watu walikuwa wanakaa pale, na vita vilipoisha ni watu walewale na wenzao waliokata miti, wakakandika kuta, wakaezeka makuti na kulipa kodi ya kiwanja. Nyumba ile ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, haikutoka Berlini.

Turudi kwa bibi na rekodi yake. Kosa la filamu lilianzia kwenye swali. Kijana aliyemhoji alimsalimu vizuri, akaketi, akafungua kwa kuuliza: "Bibi, mtaa huu ulianza mwaka gani?" Mzee akiulizwa hivyo hujibu alichosikia redioni au alichosomewa na wajukuu. Akajibu: "Wanasema elfu moja mia tisa na kumi na sita." Neno "wanasema" lilikatwa katika kuhariri.

Dakika chache baadaye kijana aliuliza swali bora zaidi, pengine bila kujua: "Bibi yako alikuwa anamlipa nani kodi?" Hapo sauti ilibadilika. Akaeleza kwamba bibi yake alikuwa akilipa kwa msimamizi wa minazi, mtu aliyepita nyumba kwa nyumba. Kwamba baadaye msimamizi hakuja tena na ikasemwa ardhi sasa ni ya serikali. Kwamba baada ya hapo ndipo yakaja "makelele ya vita" na kambi. Hakutaja mwaka hata mmoja, ila ametupa mfuatano wa mambo matatu, na mfuatano huo unalingana na tunayoyajua kwa njia nyingine: shamba la mtu binafsi, ununuzi wa serikali, kisha vita. Mtu asiyejua ununuzi wa shamba la Schoeller hawezi kubuni msimamizi anayeacha kuja.

Hata hivyo tusimgeuze bibi kuwa shahidi wa macho. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Anayoyasema kuhusu minazi ni mapokeo, na Jan Vansina, mwanahistoria aliyefundisha wengi jinsi ya kutumia simulizi za Afrika, alisisitiza tutenganishe kumbukumbu ya aliyeona na habari iliyopokezwa. Mapokeo yana ugonjwa wake: vizazi viwili hubanwa kuwa kimoja, na mama wa bibi huitwa bibi. Dawa ni swali jingine ambalo kijana hakuliuliza: "Haya uliambiwa na nani, ukiwa na umri gani, na yeye aliyaona au aliambiwa?" Ningelipenda kusikia jibu lake.

Mahali pengine filamu iliteleza vibaya zaidi, na hapa tunaweza kuona jinsi kosa linavyogunduliwa. Bibi anasema: "Wakati wa vita tulikula kwa kadi, tukipanga foleni na mama." Chini ya kioo pakaandikwa "1914–1918". Lakini anasema "tulikula", na katika vita vya kwanza hakuwa amezaliwa. Kijana angeuliza, "Vita vya Mjerumani au vya Hitla?", jambo lingekwisha papo hapo, kwa maana wazee wa pwani huvitenganisha hivyo. Hakuuliza, lakini ndani ya rekodi kuna vidokezo. Anasema kaka yake mkubwa alikuwa tayari anafanya kazi bandarini, na kwamba mdogo wake alizaliwa "kabla ya mgomo". Mgomo mkubwa wa makuli wa Dar es Salaam ulikuwa mwaka 1947. Mgao wa nafaka kwa kadi nao ulikuwa wa vita vya pili. Kwa hiyo foleni ile ni ya miaka ya 1940, na aliyeshikwa mkono na mama yake alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita. Hapo ndipo bibi anakuwa shahidi wa macho kweli, na filamu ilimnyang'anya ushahidi wake ikampa wa watu wengine.

Maswali yanayoleta wakati, basi, hayaulizi mwaka. Huuliza: ulikuwa umeshaanza chuo cha Kurani? Ulikuwa umevunja ungo? Mahari yako ilipoletwa, maji mlikuwa mkichota bomba gani? Taa ya barabarani ilikuwapo? TANU ilipozaliwa pale Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, wewe ulikuwa binti wa nyumbani au umeshaolewa? Swali hilo la mwisho lina thamani ya pekee, kwa sababu siku yenyewe inajulikana: tarehe 7 Julai 1954. Mzee akishasema alikuwa na mtoto mgongoni, tunaweza kurudi nyuma na kwenda mbele kutokea hapo.

Maandishi ya mwaka kwenye kioo nayo yanahitaji adabu. Mtazamaji huamini kilichoandikwa kuliko kilichosemwa, na hajui nani amekiandika. Kwa hiyo mwaka uliotoka kwenye nyaraka uandikwe peke yake, na wakati uliotoka kinywani uandikwe pamoja na chanzo chake. Kama ningepewa kuipanga upya filamu hii, kwenye kibanda na minazi pangeandikwa: "Kabla ya vita vya 1914, kwa mapokeo ya familia". Kwenye kambi: "Septemba 1916, Waingereza waingia Dar es Salaam". Kwenye foleni: "Miaka ya 1940, kwa kumbukumbu yake". Maandishi yakae muda wa kusomeka kwa utulivu, kisha yaondoke bibi anapohama wakati huo. Katika filamu hii "1916" ilibaki kiooni hata alipokuwa ameshafika kwenye harusi ya mama yake.

Miaka iliyofuata uhuru imepita katika filamu kwa picha mbili tatu, na nami naipita vivyo hivyo: soko jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli miaka ya 1970, moto wa Julai 2021, na maghorofa yaliyosimama mahali pa nyumba za vyumba sita. Yanaandikwa sana, na wengi waliyaona wenyewe. Jambo lisiloandikwa ni lile la mwanzo, na walioliona wote wamekwisha kufariki. Tumebaki na walioambiwa, na hao nao wana miaka themanini na zaidi.

Ndiyo maana naomba wenye filamu wafanye mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao. Warudishe neno "wanasema" mahali pake, na rekodi nzima waiweke mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuisikiliza. Kisha kijana yule arudi kwa bibi na swali ambalo hakuliuliza: nani alimwambia habari za msimamizi wa minazi? Jibu likiwa ni bibi yake mwenyewe, tutakuwa na habari ya mtu aliyeishi Kariakoo kabla haijaitwa Kariakoo, iliyopita mdomo mmoja tu. Likiwa ni mtu mwingine, tutajua kiasi cha kuliamini.