Gharama zipi huingia katika hesabu ya mradi? Mfano wa reli ya Voi-Taveta

RELI ya kutoka Voi kuelekea Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ili kubeba majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta mwaka 1914. Fedha zilizotumika wakati huo hazirudi. Anayepima leo iwapo njia hiyo ifufuliwe hana sababu ya kuzitia katika hesabu, kwa kuwa mradi ukikubaliwa au ukikataliwa, hazibadiliki. Hizo ndizo gharama zilizozama.

Hata hivyo, vyuma vyenyewe si vya bure. Vikiweza kung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, kuviacha chini ya magurudumu ni kuikosa bei hiyo. Gharama ya fursa inayopotea haina risiti, na ndiyo sababu wahasibu wengi huisahau.

Chukua mfano wa takwimu za kubuni. Upembuzi yakinifu umegharimu Sh150 milioni, na zimekwisha kulipwa. Ukarabati utahitaji Sh2,000 milioni. Mapato ya nauli na mizigo, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji na kupunguzwa hadi thamani ya leo, ni Sh2,200 milioni. Vyuma na mataruma yake, baada ya gharama ya kuving'oa, vingeuzwa Sh300 milioni.

Mhasibu anayefuata risiti ataondoa ukarabati na upembuzi, abaki na faida ya Sh50 milioni, aidhinishe mradi. Amekosea mara mbili. Upembuzi hauhusiki tena, bali thamani ya vyuma inahusika: 2,200 kutoa 2,000 kutoa 300 ni hasara ya Sh100 milioni. Ikiwa vyuma vitaweza kuuzwa mradi utakapomalizika, bei ya wakati huo, ikipunguzwa hadi thamani ya leo, huongezwa upande wa mapato.

Thamani ya fursa hutegemea kama fursa ipo kweli. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huo. Katika miezi hiyo bei ya kuuza papo hapo isingeweza kutumika; kilichobaki ni thamani ya kungoja soko lifunguliwe.

Mkataba uliotiwa saini nao huwapotosha wengi. Kandarasi ya Sh80 milioni ambayo haijalipwa, lakini inaweza kuvunjwa kwa faini ya Sh10 milioni, haijazama yote. Faini pekee haiepukiki. Sh70 milioni zinazosalia zitatoka tu mradi ukiendelea, hivyo ni lazima zihesabiwe. Mishahara ya makao makuu huwa kinyume chake: hugawiwa kila mradi katika vitabu, ingawa ingelipwa hata kama hakuna treni inayofika Taveta.