Jina Lisilotambulisha: Empaako, Muziro na Jina la Kuzaliwa katika Bunyoro na Tooro

Mgeni akifika Hoima au Fort Portal, magharibi mwa Uganda, hakawii kuulizwa: “Empaako yaawe?” Yaani, empaako yako ni ipi? Akijibu kwamba hana, wenyeji humchagulia moja papo hapo, kwa kuwa pasipo hiyo hawana namna nzuri ya kumsalimu. Empaako ni jina la heshima na mapenzi. UNESCO, ambayo mwaka 2013 iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, inataja majina 12 tu, yanayotumiwa na Wanyoro, Watooro na jamii jirani. Miongoni mwake ni Abwooli, Adyeri, Amooti, Akiiki, Atwooki, Ateenyi, Apuuli na Araali.

Wanaoieleza empaako mara nyingi huanza kwa kutafuta maana ya kila neno. Naona njia hiyo inapotosha. Maneno haya kwa kawaida huhusishwa na lugha za Kiluo, na msemaji wa Runyoro-Rutooro huyatumia siku nzima bila kufikiria tafsiri. Isitoshe, majina 12 yanayogawanywa kwa maelfu ya watu hayawezi kumtofautisha mtu na mwenzake. Ukiita “Amooti!” sokoni, watageuka wengi. Hoja yangu ni kwamba kutotambulisha huko ndiko kunakoipa empaako kazi yake.

Hili huonekana vizuri tukiyaweka majina matatu ya mtu mmoja bega kwa bega. Tumchukulie mwanamume aitwaye Tibamwenda, mwenye empaako Amooti, wa ukoo wa Babiito. Tibamwenda ni sentensi kamili: “hawampendi.” Mwanaanthropolojia John Beattie, aliyefanya utafiti Bunyoro katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba majina mengi ya Kinyoro yanazungumzia kifo, huzuni, umaskini na chuki ya majirani. Anayesema hapo ni mzazi, si mtoto. Jina hilo linahifadhi hali ya nyumba siku mtoto alipopewa jina, na huenda lilikusudiwa lisikike na jirani fulani. Mtoto hulibeba maisha yake yote, ingawa ugomvi wenyewe haukuwa wake.

Ubiito wake unasema jambo jingine. Kila ukoo una muziro, kiumbe au kitu ambacho wanaukoo hawakigusi wala hawakili. Muziro wa Babiito ni ngabi, ambaye kwa Kiswahili ni pongo. Neno muziro linatokana na kitenzi cha kujizuia, kilicho jamaa wa kuzira kwetu. Kwa hiyo muziro ni mwiko kabla ya kuwa nembo. Huulizwa pale jibu linapoweza kubadili uamuzi: kijana anapotaka kuoa, kwa maana kwa kawaida watu wa ukoo mmoja hawaoani, nyama inapoandaliwa, au wageni wawili wanapotafuta kujua kama ni ndugu. Likishajibiwa, swali hilo halina sababu ya kurudiwa kesho.

Empaako hurudiwa kila siku. Mtoto humwita baba yake Amooti, kwani kumtaja Tibamwenda mbele yake ni utovu wa adabu. Mke humwita hivyo, na jirani vilevile kila asubuhi katika salamu. Anayeitwa naye huirudisha salamu kwa empaako ya mwenzake. Waliokosana wakianza tena kuitana hivyo, ugomvi huanza kupoa. Jina lililojaa chuki ya zamani lisingeweza kazi hiyo. Wala jina la ukoo lisingeiweza, maana linawagawa watu katika “sisi” na “wao”. Amooti anaweza kuwa wa ukoo wowote.

Pingamizi moja lina uzito. Katika sherehe ya kumpa mtoto empaako, mashangazi wa upande wa baba humpokea na kumchunguza sura. Akifanana na jamaa fulani, mfanano huo huongoza uchaguzi, kisha mkuu wa ukoo hulitangaza jina, na watu hula pamoja ugali wa ulezi na nyama ya ng’ombe iliyokaushwa kwa moshi. Je, hapo empaako haimtambulishi mtoto? Inamfungamanisha na jamaa huyo, nakubali, lakini kumbukumbu hiyo hubaki nyumbani. Akivuka kizingiti, anayemwita hana haja ya kujua alifanana na nani. Anachohitaji ni neno la kumwitia kwa heshima.

Tofauti hii ina matokeo kwa wanaotaka kuihifadhi empaako. Jina la kuzaliwa huweza kuishi ndani ya cheti, na muziro huweza kuishi katika orodha ya koo. Empaako ni jina la kuitia, na uhai wake umo katika sauti ya anayeita. Sherehe za kuitoa zimepungua sana, na matumizi ya lugha yenyewe yanapungua. Mtoto anayeandikwa Amooti kisha akasalimiwa nyumbani kwa Kiingereza ana neno, ila bado hajapewa empaako.