Sanamu ya mbao: maelezo gani ya kuandika, na namna ya kuifunga mbele ya kuituma ngambo

Mnunuzi aliye Bruseli, Nairobi ao Monreali haishiki sanamu mkononi. Haigongi ili asikie kama ni nzito, haigeuzi ili aone chini yake. Anasoma tu fishi ambayo muuzaji wa Butembo ao Beni amemwandikia: aina ya mti, vipimo, namna ilivyomaliziwa, uzito, na namna itakavyofungwa. Fishi ile ile inasomwa tena na kampuni ya kusafirisha, na kisha na watu wa duane. Neno moja lisilo la kweli linaweza kuleta hasara mara tatu: mnunuzi anarudisha kitu, usafiri unalipwa bei ya juu, ao sanamu inazuiwa mpakani.

Maelezo haya yanafuata sanamu moja ya mfano: mama anayebeba mtungi kichwani, imechongwa katika mbao ya libuyu.

Jina la mti

Hapa ndipo makosa mengi yanaanzia. Ku soko ya mbao ya Butembo na Beni, libuyu ni jina la kundi, si jina la mti mmoja. Watu wanaita hivyo mbao nyekundu za jamaa ya akaju, na ndani yake kuko miti ya Khaya na miti ya Entandrophragma. Kwa fundi wa milango tofauti si kubwa. Kwa mtu wa duane ni kubwa, sababu Khaya za Afrika ziliingizwa katika mapatano ya kimataifa ya CITES, yanayolinda miti na wanyama, kwenye mkutano wa mwaka 2022. Masharti hayo yanalenga magogo, mbao zilizopasuliwa na aina zingine chache za mbao. Sanamu iliyokwisha kuchongwa si gogo wala ubao. Lakini karani anayeona neno «akaju» tu, bila jina kamili, anaweza kuzuia kifurushi mpaka apate maelezo.

Kwa hiyo jina linaandikwa mara mbili: lile la hapa kwetu, na lile la kisayansi. Muvula ni Milicia excelsa. Mpingo, ambao wachongaji Wamakonde wa Tanzania wanaupenda, ni Dalbergia melanoxylon, na jamaa yote ya Dalbergia iko chini ya CITES tangu mwaka 2017. Vitu vya mpingo vilivyokwisha kutengenezwa vinaruhusiwa bila karatasi ya CITES ikiwa mbao yake haipite kilo 10 katika mzigo mmoja. Marekani wanaomba zaidi: sheria yao ya Lacey, iliyopanuliwa mwaka 2008 ili ishike pia mimea na mbao, inataka jina la kisayansi na nchi ambamo mti ulikatwa. Nchi hiyo si lazima iwe ile ambamo sanamu iliuzwa. Mbao iliyokatwa upande wa Mambasa na kuuzwa Kampala inabaki mbao ya Kongo.

Kama mchongaji hajui mti wake, anarudi kwa yule aliyemuuzia mbao na kumuuliza imetoka wapi na inaitwaje. Muvula unajulikana kwa rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia ikikaa penye mwanga, na mara nyingine patasi inakutana ndani yake na vijiwe vyeupe vinavyoharibu makali. Kuandika «ebeni» juu ya mbao yoyote nyeusi ni hatari zaidi. Sanamu nyingi zinazoitwa ebeni ni mbao nyepesi iliyopakwa sirage ya viatu. Kuitambua si kazi ngumu: kwaruza kidogo chini ya kikalio. Ikiwa ndani ni nyeupe ao njano, basi weusi ni wa rangi. Ebeni ya kweli ni nzito sana, na kipande chake kikitiwa ndani ya maji mara nyingi kinazama. Sanamu iliyopakwa rangi inaweza kuuzwa, lakini iandikwe hivyo: «mbao nyeupe iliyotiwa rangi nyeusi».

Ukavu wa mbao na umalizio

Mbao iliyokauka Butembo haijakauka kwa ajili ya nyumba ya Ulaya. Wakati wa baridi, nyumba za kule zinapashwa moto na hewa inakuwa kavu sana. Mbao inaachilia maji yaliyobaki, inasinyaa, na inapasuka. Hatari ni kubwa kwa sanamu iliyochongwa katika gogo zima lenye moyo wa mti katikati. Ukitazama chini ya kikalio na kuona mizunguko ya mti ikikutana ndani ya sanamu yenyewe, ujue kwamba ufa unaweza kutoka pale kwenda pembeni. Kipande kilichopasuliwa pembeni ya moyo kinavumilia vizuri zaidi.

Namna ya kujua kama mbao imetulia haiombi mashini. Sanamu inapimwa kwenye mizani siku moja kila juma, na uzito unaandikwa. Sanamu ya mfano wetu ilikuwa kilo 3.6 juma la kwanza, kisha 3.4, kisha 3.3, kisha 3.2, na juma la tano ikabaki 3.2. Sasa inaweza kutiwa mafuta na kufungwa. Kama uzito ungali unashuka, kuifunga ni kutuma ufa ndani ya kartoni.

Umalizio unaandikwa kwa jina la kitu chenyewe: nta ya nyuki, verni, mafuta ya kitani, sirage, ao hakuna kitu. Mafuta ya mawese si mazuri kwa kazi hii, sababu hayakauki. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na kisha yanatoa harufu. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini yanaomba siku nyingi. Tena vitambaa vilivyotumiwa kuyapaka visikunjwe na kuachwa ndani ya nyumba, maana vinaweza kujipasha moto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe inje mpaka vikauke.

Kama kuko ufa wa zamani, uandikwe na urefu wake. Matundu madogo yanayotoa unga ni alama ya wadudu walio ndani bado. Sanamu ya namna hiyo haitumwi.

Vipimo na uzito

Vipimo vinaandikwa kwa santimetre, na kila kimoja na jina lake: kimo, upana, kina. Kila kimoja kinapimwa pale sanamu inapofikia mwisho: kama mkono wa mama unatokeza mbele, kina kinafika mpaka ncha ya mkono. Njia rahisi ni kuisimamisha karibu na ukuta, kuweka ubao ulionyooka mbele yake, na kupima nafasi kati ya ukuta na ubao. Mama wetu ana kimo santimetre 48, upana 14, kina 13.

Uzito unaandikwa mara mbili: uzito wa sanamu peke yake, na uzito wa mzigo uliokwisha kufungwa. Na hapa wauzaji wengi wanashangaa, sababu kampuni za haraka za ndege hazilipishi kilo tu. Zinapima pia nafasi ambayo kartoni inachukua. Urefu, upana na kimo vya kartoni vinazidishwa, kisha jibu linagawanywa kwa 5000. Kati ya uzito huo wa nafasi na uzito wa mizani, ule mkubwa ndio unaolipwa.

Tuchukue mama wetu. Akifungwa ndani ya kartoni mbili, moja ndani ya nyingine, ile ya inje ina santimetre 66 kwa 32 kwa 32. Jibu ni karibu kilo 13.5, wakati mizani inaonyesha kilo 4.8 tu. Akifungwa ndani ya kartoni moja nene yenye kuta mbili, na santimetre 5 za povu ngumu kila upande, kartoni inakuwa 58 kwa 24 kwa 23. Uzito wa nafasi unashuka mpaka karibu kilo 6.4. Sanamu ni ile ile, lakini uzito unaolipwa unapungua kwa zaidi ya nusu. Kartoni mbili zinawekewa vitu vyenye sehemu nyembamba sana, kama pembe za swala ao mkuki.

Kufunga

Kwanza sanamu inavalishwa karatasi nyeupe ao kitambaa cha pamba. Gazeti linaacha wino juu ya nta, na plastiki inayogusa verni isiyokauka inanata. Kisha inakuja plastiki yenye mapovu ya hewa. Povu ngumu linakatwa ili lishike kifua na kikalio, ambavyo vina nguvu, na kuacha nafasi huru kuzunguka mkono na mtungi. Kama sehemu nyembamba ndiyo inabeba uzito, itavunjika kwenye shimo la kwanza la barabara ya Kasindi. Kisha kartoni inafungwa na kutikiswa. Kama kitu kinasogea ndani, inafunguliwa tena.

Majani makavu ya ndizi, nyasi na maranda havitumiwi, sababu vinaweza kubeba wadudu na kukataliwa mpakani. Sanduku la mbao nalo lina sheria yake. Mbao mbichi ya kufungia, hata ikiwa ni mikaratusi safi, lazima iwe imepashwa moto mpaka digrii 56 katikati yake kwa muda wa minuti 30, na iwe na chapa yenye herufi IPPC na HT. Chapa hiyo inapigwa na wale walioruhusiwa tu. Fundi haijipigii mwenyewe. Tripleksi, na mbao nyembamba isiyopita milimetre 6, haziombwi chapa. Kwa sanamu ya kilo 3, kartoni inatosha.

Fishi iliyokamilika

Jina: Mama na mtungi, sanamu mpya, imechongwa Butembo
Mti: libuyu (Khaya anthotheca), ulikatwa Kongo
Vipimo: kimo sm 48, upana sm 14, kina sm 13
Umalizio: nta ya nyuki, hakuna rangi
Hali: ufa mmoja chini ya kikalio, sm 2, hauonekani ikisimama
Uzito: kg 3.2, pamoja na kartoni kg 4.8
Kartoni: sm 58 × 24 × 23, povu na karatasi, hakuna mbao ya kufungia
Namba ya duane: 4420.11

Namba ya mwisho ni ile ya sanamu na mapambo ya mbao za miti ya nchi za joto. Inasaidia karani aone mara moja kwamba mzigo si mbao za biashara. Bei inayoandikwa kwenye karatasi za duane ni ile mnunuzi aliyolipa kweli. Wengine wanaandika «zawadi, dola 5» ili kodi ipungue, lakini mzigo ukipotea njiani, malipo ya bima yanaweza kufuata zile dola 5.

Mbele ya kufunga kartoni, picha nne zinatosha: mbele, nyuma, chini ya kikalio, na moja yenye rula pembeni. Picha ya ufa pamoja na tarehe ndiyo itakayoonyesha, kama mnunuzi akilalamika, ufa gani ulitoka Butembo na gani ulizaliwa safarini.