Barua ya Kuthibitisha Ajira: Jina na Kazi Yake

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeomba viza ya Schengen hutakiwa kupeleka, pamoja na nyaraka nyingine, barua kutoka kwa mwajiri wake. Akifika kwa afisa utumishi husema, "Naomba barua ya utambulisho." Jina hilo limezoeleka, lakini ndilo linaloharibu barua yenyewe. Kutambulisha ni kumfanya mtu atambuliwe. Ndivyo inavyofanya barua ya serikali ya mtaa inayosema kwamba fulani ni mkazi wa hapa. Kuthibitisha ni kuifanya habari iwe thabiti, isimame hata ikikaguliwa. Anayeombwa barua ya utambulisho huandika kama alivyozoea: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mtumishi wetu, tunaomba apewe ushirikiano." Barua hiyo ina adabu na muhuri, ila haina hata jambo moja ambalo afisa wa viza anaweza kulikagua. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni barua ya kuthibitisha ajira.

Hoja hii inaungwa mkono na kile ambacho ubalozi unakitafuta. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, Na. 810 ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji aonyeshe sababu ya safari, uwezo wa kujikimu, na habari za kumwezesha afisa kupima kama atatoka kabla viza haijaisha. Barua ya mwajiri inagusa yote mawili ya mwisho kwa mambo matatu: cheo cha mwombaji na tarehe aliyoajiriwa, mshahara, na likizo iliyoidhinishwa. Tuseme mhasibu ameajiriwa kwa mkataba wa kudumu tangu 2019. Barua inasema mshahara wake ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, lakini taarifa ya benki inaonyesha kila mwezi zinaingia 1,306,000. Hakuna aliyedanganya: namba ya kwanza ni kabla ya makato, ya pili ni baada ya mchango wa hifadhi ya jamii na kodi. Lakini afisa anayelinganisha karatasi mbili anaona namba mbili zisizolingana, na shaka juu ya ukweli wa nyaraka ni sababu halali ya kumnyima mtu viza. Barua inayothibitisha hutaja namba zote mbili, na kila moja hupewa jina lake.

Likizo nayo ina mtego wake. "Ameomba likizo" si "amepewa likizo", na ruhusa ya siku mbili tatu si likizo ya mwaka, ambayo sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaiweka kuwa siku zisizopungua 28. Barua iseme wazi: likizo imeidhinishwa kuanzia tarehe 1 hadi 21 Juni 2026, naye atarejea kazini Jumatatu tarehe 22. Tiketi ya kurudi ikiwa ya tarehe 25, barua hiyo hiyo itageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Wapo watakaosema barua yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, hivyo jina lake la Kiswahili halina uzito. Lakini ombi hutamkwa kwa Kiswahili, dirishani au kwa simu, na mwandishi huanza kuandika kwa kufuata alichoombwa. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba neno "kuthibitisha" lina mwenyewe tayari: mtumishi akimaliza muda wa majaribio hupewa barua ya kuthibitishwa kazini. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi "barua ya uthibitisho wa ajira", ambayo haionyeshi nani anathibitisha na nini kinathibitishwa. Kauli ya kitenzi inatatua jambo hilo. Katika kuthibitishwa, mfanyakazi ndiye anayepokea hadhi mpya; katika kuthibitisha ajira, mwajiri ndiye anayebeba jukumu la maneno yake mbele ya mtu wa tatu. Ni barua mbili, na kiambishi kimoja kinazitenga.

Jina hili pia linaweka mpaka. Mwajiri hathibitishi kwamba mtu atarudi, kwa kuwa hiyo ni dhamana, na hakuna anayeweza kuitoa kwa niaba ya moyo wa mwingine. Anathibitisha kwamba kazi ipo, mshahara upo, na nafasi inamsubiri tarehe fulani. Uamuzi unabaki kwa ubalozi. Basi anayekwenda kuiomba aiite kwa jina lake, ataje mambo yake matatu, na asiondoke ofisini kabla hajalinganisha kila namba na taarifa ya benki, na kila tarehe na tiketi yake.