Mstari Mmoja, Karatasi Mbili

Tarehe 12 Agosti 1982 wastani wa Dow Jones, unaopima bei za hisa za makampuni 30 makubwa ya Marekani, ulifunga siku ukiwa pointi 776.92. Katika wiki zilizofuata bei zilipanda kwa nguvu. Mwishoni mwa Novemba 1983 wastani ulifika 1,287, kisha ukateremka polepole hadi 1,086.57 tarehe 24 Julai 1984, na hapo ukageuka tena.

Kwa mchora chati, hayo yalikuwa mabonde mawili, la pili likiwa juu ya la kwanza. Ukiweka rula chini yake unapata mstari wa mwelekeo. Lakini mchoraji makini hakuuchora mwezi ule wa Julai, kwa kuwa bonde huthibitika pale tu bei inapovuka kilele kilicholitangulia. Dow Jones ilivuka 1,287 Januari 1985, nusu mwaka baadaye. Anayeegemeza mstari kwenye kila kituo ambacho bei imepumzika kidogo ataishia na mistari mingi, na kila wiki mmojawapo utavunjika.

Baada ya kupata nukta mbili, lilibaki swali la karatasi. Kwenye karatasi ya kawaida, pointi 100 huchukua nafasi ileile bei iwe chini au juu. Mstari wetu hapo hupanda takriban pointi 159 kila mwaka, daima. Kwenye karatasi ya logi, nafasi sawa huwakilisha asilimia sawa, na nukta zilezile hutoa mstari unaopanda karibu asilimia 19 kwa mwaka. Mwanzoni mistari hiyo hukaribiana sana. Kadiri miaka inavyosonga, wa logi huupita mwenzake na kuuacha chini.

Mtihani wa kwanza ulikuja Septemba 1985. Tarehe 20 Dow Jones ilifunga karibu 1,298. Mstari wa karatasi ya kawaida ulikuwa kwenye 1,270, hivyo ulikuwa salama. Ule wa logi ulikuwa kwenye 1,326, na bei ilikuwa imeshapenya chini yake. Je, ulikuwa umevunjika kweli?

Jibu lililokuwa limezoeleka sokoni lilitoka katika kitabu cha mwaka 1948 cha Robert Edwards na John Magee. Walitaka bei ya kufunga siku, si ile ya kupita saa za biashara, iwe imevuka mstari kwa takriban asilimia 3. Kipimo hicho hakitokani na kanuni yoyote ya hesabu. Ni uzoefu wa watu waliochoka kuuza hisa kwa hofu ya tobo dogo. Asilimia 3 chini ya 1,326 ni kama 1,286, na pengo la siku ile lilikuwa asilimia 2 tu na kidogo. Aliyefuata kipimo alitulia. Mwaka ulipoisha Dow Jones ilikuwa 1,546.67.

Kilele kikaja tarehe 25 Agosti 1987, pointi 2,722.42. Katikati ya Oktoba bei zilianza kuporomoka, na Ijumaa ya tarehe 16 wastani ulifunga kwenye 2,246.74. Mstari wa logi ulikuwa bado mbali chini, karibu 1,893. Chati haikuwa imesema lolote. Jumatatu tarehe 19 wastani ulipoteza pointi 508, yaani asilimia 22.6, ukafunga kwenye 1,738.74, na zaidi ya hisa milioni 600 zilibadilisha mikono katika soko la New York, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana.

Siku hiyo karatasi mbili zilitoa hukumu mbili. Mstari wa logi ulikuwa kwenye 1,896, na bei ilifunga asilimia 8 chini yake, mara mbili na zaidi ya kipimo. Mstari wa kawaida ulikuwa kwenye 1,600 tu, haukuguswa hata kidogo. Mimi naiamini logi, kwa sababu mwenye hisa hupata au hupoteza sehemu ya mtaji wake, na pointi 100 za mwaka 1982 zilikuwa kitu kingine kabisa kuliko pointi 100 za mwaka 1987.

Dalili nyingine ni namna bei inavyorudi. Mstari uliovunjika kweli mara nyingi hugeuka dari. Tarehe 31 Desemba 1987 Dow Jones ilikuwa imepanda hadi 1,938.83, pungufu ya asilimia moja hivi kufikia mstari wa logi, na mwisho wa 1988 ilikuwa 2,168.57 huku mstari ukiwa umekwenda hadi 2,330. Soko lilipanda mwaka ule mzima, ila kwa mwendo wa chini kuliko wa miaka mitano ya kwanza. Kilele cha Agosti 1987 kilivukwa Agosti 1989, bei ikiwa imerudi juu ya mstari ule uliovunjika.