FAHAMU NAMNA MALIPO YANAVYOKOKOTOLEWA KATIKA KAZI ZA KUREKODI SENTENSI ZA KISWAHILI

Miradi ya lugha inayokusanya sauti za Kiswahili kwa ajili ya kufundishia mitambo ya kompyuta huwalipa baadhi ya wananchi kwa kusoma sentensi fupi kupitia simu ya mkononi. Malalamiko mengi katika kazi hizi hutokana na jambo moja: mrekodi hudhani analipwa kwa muda alioutumia, ilhali mradi hulipa kwa sauti iliyopita uhakiki.

Kazi yenyewe huwa na hatua tatu. Mrekodi huoneshwa sentensi kwenye kioo cha simu, huisoma kwa sauti, kisha huisikiliza na kuituma. Baada ya hapo mhakiki huilinganisha sauti hiyo na maandishi. Sentensi iliyokubaliwa huingizwa kwenye hesabu ya malipo. Iliyokataliwa kwa kawaida hailipwi, ingawa baadhi ya miradi huruhusu irudiwe.

Ni muhimu kutofautisha saa ya sauti na saa ya kazi. Saa ya sauti ni dakika 60 za maneno yaliyorekodiwa na kukubaliwa. Saa ya kazi ni muda wote ambao mrekodi ameutumia, ukiwemo wa kusoma kimya kwanza, kurudia alipokosea na kusubiri mtandao.

Kwa mfano, mradi umetangaza malipo ya shilingi 36,000 kwa saa moja ya sauti, sawa na shilingi 10 kwa sekunde. Mrekodi ametuma sentensi 300, kila moja ikiwa na urefu wa sekunde sita. Wahakiki wamekataa 36 na kukubali 264. Sauti iliyokubaliwa ni sekunde 1,584, yaani dakika 26 na sekunde 24, na malipo yake ni shilingi 15,840.

Iwapo kila sentensi ilimchukua sekunde 40 tangu kuisoma hadi kuituma, mrekodi huyo amefanya kazi kwa saa tatu na dakika 20. Kwa hiyo kipato chake halisi ni shilingi 4,752 kwa saa, na si 36,000 zilizotajwa katika tangazo. Tangazo halikusema uongo, ila lilizungumzia saa ya aina nyingine. Aidha, baadhi ya miradi huondoa ukimya ulio mwanzoni na mwishoni mwa sauti kabla ya kukokotoa, hivyo kiasi hicho kinaweza kupungua zaidi.

Sentensi hukataliwa kwa sababu zinazoweza kuepukika. Miongoni mwake ni kelele za feni, redio au pikipiki. Neno la kwanza au la mwisho kukatika kwa kuwahi kubonyeza kitufe. Sauti kukwaruza kwa kuweka kinywa karibu mno na simu. Na kusoma tofauti na maandishi, mathani kutamka "hawa" mahali palipoandikwa "hao". Mrekodi anashauriwa kutuma sentensi 20 za kwanza, kisha kusubiri matokeo ya uhakiki kabla ya kuendelea.

Katika kazi za kuweka alama kwenye picha, kipimo huwa ni picha au kitu kilichomo ndani yake. Picha yenye basi moja na picha ya soko lenye watu 40 hazilingani kwa kazi. Hivyo mkataba unaolipa kwa picha unapaswa kusomwa kwa makini.

Kabla ya kukubali kazi, mwananchi aulize mambo manne: kipimo cha malipo, muda wa uhakiki, kiwango cha chini cha fedha kinachoweza kutolewa, na nani anayebeba makato ya kubadilisha fedha na kuzituma. Salio lililo chini ya kiwango hicho hubaki kwenye akaunti ya mradi hata kama kazi imekubaliwa.

Si kila mradi hulipa. Common Voice wa taasisi ya Mozilla, unaokusanya pia sauti za Kiswahili, hutegemea wanaojitolea, na sauti zake hutolewa kwa umma bila malipo. Kwa upande mwingine, anayedai ada ya usajili au namba ya siri ya akaunti ya fedha za simu kabla ya kutoa kazi achukuliwe kuwa ni tapeli.

Sauti inayoweza kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji kumweleza mhusika madhumuni ya kukusanya taarifa zake. Mwananchi anayeona taarifa zake zimetumika kinyume cha sheria anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akiwa na nakala ya masharti aliyoyakubali siku ya kujiunga.