Moto wa jiko, moto wa mafuta

Shangazi yangu amekaanga mandazi Kaloleni tangu kabla sijazaliwa, katika nyumba zile za miaka ya 1940 ambazo wenyeji wa Ololo, kama mtaa huo unavyoitwa, bado wanazitambua kwa vigae vyake. Alianza na jiko la makaa, akaja kwenye stovu ya tambi, na mwaka huu akanunua jiko la gesi la mezani lenye vichomeo viwili. Siku ya kwanza alinipigia simu alfajiri: "Mwanangu, hapa wameandika kwa picha. Midiamu ni wapi?"

Nilimwambia azungushe hadi katikati, kisha nikajuta. Kwenye jiko lake swichi husukumwa ndani na kuzungushwa kushoto, na ukifika robo ya mzunguko tu, moto unakuwa mkubwa kupita wote. Ukiendelea kuzungusha mbele, ndipo unapungua hadi ule mdogo kabisa, uliochorwa kama kiulimi kimoja. Wastani uko kati ya alama hizo mbili za moto. Hauko kati ya kuzima na kuwasha. Anayepunguza kwa kurudisha nyuma kuelekea alama ya kuzima hupata mwale mdogo pia, lakini uko ukingoni mwa kufungwa: upepo wa mlangoni ukipita, unazimika huku gesi ikitoka. Kwenye ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu, ambao Nairobi tunauita meko, mambo ni kinyume. Pale gesi huanza kidogo na kuongezeka kadiri unavyofungua. Mtu akihama kutoka meko kwenda jiko la mezani, mkono wake humdanganya kwa wiki kadhaa.

Tunazo istilahi zetu za ngazi hizi tatu, na zinatosha: moto mdogo, moto wa wastani, moto mkali. Ya tatu ndiyo hunipendeza zaidi. Wengi husema "moto mkubwa", na kwa gesi inakubalika kwa sababu mwale unaonekana ukikua. Koili ya umeme haina mwale wa kukua. Inawaka nyekundu au haiwaki, kwa hiyo "mkali" ndilo neno linalofaa kote, maana linataja nguvu, si umbo.

Koili yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu shangazi anayo moja ndogo anayoitumia gesi ikiisha. Ukiweka moto wa wastani, usidhani koili inawaka nusu nguvu. Katika majiko mengi madogo ya aina hiyo, koili ikiwaka huwaka kwa nguvu zake zote, kisha hujizima, kisha huwaka tena. Ile taa ndogo ya mbele inayozima na kuwaka inakuonyesha mchezo huo. Swichi inaamua muda wa kuwaka uwe mrefu au mfupi. Kwenye gesi wastani ni kiasi cha mwale, kwenye koili hiyo ni kiasi cha muda. Tena chuma kilichopata moto hakipoi unapogusa swichi. Anayekaanga kwa koili lazima apunguze mapema kidogo kuliko wa gesi, au ainue sufuria kabisa aiweke pembeni.

Tatizo kubwa liko kwenye neno "moto" lenyewe. Kiswahili kinasema "punguza moto" kwa jiko, halafu kinasema "mafuta yamepata moto". Neno ni moja, vitu ni viwili. Swichi hupima kile jiko linachotoa kwa kila dakika. Haijui kilicho ndani ya karai. Weka mafuta kikombe kimoja kwenye moto wa wastani na uyasahau, yatapanda na kupanda hadi yatoe moshi. Weka lita mbili kwenye moto uleule, na baada ya dakika kumi huenda bado yanasinzia. Ndiyo maana maagizo ya "kaanga kwa moto wa wastani" peke yake ni nusu ya maagizo. Nikiandika mapishi, naacha "moto" uwe wa jiko na "joto" liwe la mafuta: weka moto mkali mpaka mafuta yafikie joto fulani, kisha shusha moto.

Joto fulani ni lipi? Kwa mandazi ni kati ya nyuzi 170 na 180 za Selsiasi. Shangazi hana kipimajoto, wala hahitaji. Anamimina mafuta lita moja katika karai, yafike kina cha vidole vitatu hivi, anaanza na moto mkali, kisha anadondosha kipande cha unga cha ukubwa wa punje ya harage. Kikizama na kulala chini bila kutoa povu, mafuta bado. Kikipanda baada ya muda mfupi kikizungukwa na povu dogo linalochemka taratibu, yako tayari. Kikigeuka kahawia kabla hujahesabu kumi, yamepita kiasi. Hapo hushusha moto, na akiwa na haraka huongeza mafuta kidogo ya baridi.

Akishapata kile kipimo cha pili, anashusha moto hadi wastani na kutumbukiza mandazi sita. Hapa ndipo wanafunzi wake wanapokosea. Unga baridi huyapoza mafuta mara moja, na ule mlio wa kuchemka unashuka. Shangazi husikiliza zaidi ya anavyoangalia. Mlio ukilegea anapandisha moto kidogo, ukirudi anaushusha tena. Kila upande huchukua kama dakika mbili. Kwa hiyo moto wake wa wastani haukai mahali pamoja. Kinachokaa mahali pamoja ni joto la mafuta, na swichi inafuata.

Akikosea, andazi lenyewe husema. Lililo jeusi nje na unga mbichi ndani, moto ulikuwa mkali mno: ngozi imeiva kabla joto halijafika katikati. La rangi ya maziwa, zito, linaloacha doa kubwa kwenye karatasi, moto ulikuwa mdogo: ngozi ilichelewa kukauka, mafuta yakapata njia ya kuingia. Wateja wa asubuhi hulalamikia la pili zaidi, ingawa mimi naona la kwanza ndilo baya.

Moto mdogo kwenye kukaanga una kazi yake, nayo ni kitunguu unachotaka kilainike bila kubadilika rangi. Kwa kitunguu cha pilau, kinachotakiwa kuwa kahawia, moto wa wastani na mkono usiochoka. Moto mkali shangazi huuacha kwa omena zilizokaushwa vizuri, kidogo kidogo, na hasogei mbali. Moshi ukianza anazima. Mafuta yakishika moto kweli, ni kuzima gesi na kufunika kwa kifuniko, maji yasikaribie.

Mwezi wa pili alichukua rangi ya kucha ya binti yake akaweka nukta nyekundu pembeni mwa swichi: wastani wa mandazi. Ilimtumikia vizuri. Kisha akanunua karai jembamba la aluminiamu, jepesi kama sahani, akalitia mafuta nusu ya yale ya zamani, akafuata nukta. Mandazi sita ya kwanza yaliliwa na kuku wa jirani.